Kidonge kimoja, asilimia 49 na asilimia 36: kutafuta kosa katika titresheni ya kurudi

Boksi la vidonge vya kiungulia linasema kila kidonge kina miligramu 500 za kalsiamu kaboneti. Tulipima vidonge kumi kwa pamoja tukapata gramu 12.50, kwa hiyo kimoja kina uzito wa gramu 1.250, na kaboneti inapaswa kuwa asilimia 40 ya uzito huo. Kilichobaki ni sukari, wanga, ladha ya minti na vitu vya kushikamanisha unga.

Kundi la kwanza la wanafunzi wangu hapa Goma liliniletea asilimia 48.9. Kundi la pili, mchana uleule, kwa unga uliotoka kwenye kinu kimoja na ule wa kwanza, likaniletea 35.9. Makundi yote mawili yalikuwa yamesoma bureti vizuri na kupiga hesabu bila kukosea. Walikuwa na makosa mawili tofauti, moja linavuta jibu juu na jingine linalivuta chini, na kila moja lilikuwa limeacha alama yake mezani kwa yeyote aliyejua pa kuangalia. Ndiyo makosa ninayoyaona mara nyingi kuliko mengine yote, kwa hiyo nitayapa nafasi kubwa. Mengine nitayapitia kwa ufupi.

Kazi yenyewe na namba zinazotarajiwa

Kalsiamu kaboneti haiyeyuki katika maji, kwa hiyo huwezi kuidondoshea asidi kutoka kwenye bureti na kuona mwisho ulio wazi. Kila tone linangoja chembe ziyeyuke, rangi inabadilika, kisha inarudi. Ndiyo maana tunazunguka: tunaipa kaboneti asidi nyingi kuliko inayohitaji, tunaiacha ile yote, halafu tunapima asidi iliyobaki. Iliyoliwa ni tofauti kati ya tuliyoweka na tuliyoikuta.

CaCO3 + 2HCl → CaCl2 + CO2 + H2O

HCl + NaOH → NaCl + H2O

Tunasaga vidonge vyote kumi, tunapima gramu 0.400 za unga, tunaziweka kwenye chupa ya koni, kisha tunaongeza mililita 50.0 za asidi hidrokloriki ya 0.1 M kwa pipeti ya 25, mara mbili. Tunasuuza kuta za chupa kwa maji, tunachemsha polepole kwa dakika tano, tunapoza, tunatia matone matatu ya fenolfthalini, kisha tunateremsha sodi kostiki ya 0.1 M kutoka kwenye bureti mpaka rangi ya waridi hafifu ibaki.

Kabla ya kugusa bureti, piga hesabu ya jibu unalotarajia. Kama lebo inasema kweli, gramu 0.400 za unga zina gramu 0.160 za kaboneti, yaani milimoli 1.6. Hizo zinakula milimoli 3.2 za asidi. Tuliweka 5.0, zinabaki 1.8, na hizo zinahitaji mililita 18 za sodi. Namba hiyo, 18, iandike kwenye kona ya daftari. Bureti ikisimama kwenye 11 au kwenye 21, utajua papo hapo kuna jambo, wala hutangoja mpaka umeosha vyombo.

Upande wa kosa ndio unaokuonyesha pa kutafuta

Katika titresheni hii hatuioni kaboneti. Tunaona asidi tu, tena ile iliyobaki. Kwa hiyo kitu chochote kilichokula asidi pasipo sisi kujua, hesabu itakiita kaboneti, na asilimia itapanda. Kitu chochote kilichokula sodi, hesabu itakiita asidi iliyobaki, na asilimia itashuka. Ukisoma mililita chache za sodi kuliko ulizotarajia, tafuta mla asidi. Ukisoma nyingi, tafuta mla sodi. Wanafunzi wengi huanza kutafuta wakiwa hawajajiuliza swali hilo, wakapoteza saa nzima wakitilia shaka mizani ambayo haina kosa.

Dalili: sodi imetumika kidogo, asilimia imepanda mno

Kundi la kwanza lilisoma mililita 10.9 mahali pa 18. Wakatoa 10.9 kwenye 50.0, wakapata 39.1, ambayo ni milimoli 3.91 za asidi iliyoliwa, nusu yake ni 1.955 za kaboneti, ukizidisha kwa 100.09 ni miligramu 195.7, na ukigawa kwa 400 unapata asilimia 48.9. Ingekuwa kweli, kila kidonge kingekuwa na miligramu 611. Hakuna kiwanda kinachotupa zaidi ya miligramu mia moja bure kwenye kila kidonge.

Mla asidi alikuwa nani? Niliwauliza, «Mlisuuza kuta kwa maji gani?» Msichana aliyeshika bureti akanionyesha bidoni iliyokuwa chini ya meza. Maji yaliyosafishwa yalikuwa yameisha, wakachota ya bomba.

Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Goma yanatoka Ziwa Kivu, na maji ya Kivu si maji ya kawaida. Yamepita kwenye miamba ya volkano, yamebeba bikaboneti nyingi na magnesiamu nyingi, na pH yake juu ya ziwa ni karibu 9. Ukitaka kuliona kwa macho, weka maji ya ziwa kwenye glasi nyeupe na udondoshee fenolfthalini: yanageuka waridi hafifu hapo hapo, kabla hujaweka sodi yoyote. Maji yaleyale tunayoyanywa na kupikia ugali ni besi dhaifu, nayo yanakula asidi sawasawa na kidonge.

Tulipima ni kiasi gani. Tulichukua mililita 100 za maji ya ile bidoni, tukatia matone mawili ya methili chungwa, tukateremsha asidi ya 0.1 M mpaka manjano ikaelekea rangi ya chungwa. Zikaenda mililita 12.1. Kwa hiyo kila lita ya maji yale inakula milimoli 12 za asidi. Kundi la kwanza lilikuwa limetumia mililita 60 hivi kusuuza na kuchemshia: mililita 7.3 za asidi zilikwenda kwa maji, na ndizo hasa zilizokosekana kwenye bureti.

Kuchemsha hakuwezi kuliokoa jaribio hilo. Kuchemsha kunafukuza gesi, lakini bikaboneti ya ziwa ilikwisha kula asidi yake kabla gesi haijatoka. Hasara ilitokea chupa ya maji ilipoinamishwa.

Maji hayo yanaingia pia kwa mlango mwingine: pale mtu anapotengenezea suluhu. Asidi ya 0.1 M ukiipunguza kwa maji ya ziwa inabaki karibu 0.088 M. Sodi nayo inatoa alama ambayo huwezi kuikosa. Weka chembe za sodi kostiki katika maji ya bomba la Goma na utazame: maji yanageuka kama yametiwa maziwa kidogo, na kesho yake vipande vyeupe vyepesi vimetulia chini ya chupa. Hiyo ni magnesiamu ya ziwa, imegeuka kuwa hidroksidi isiyoyeyuka, na imechukua sehemu ya sodi yako. Chupa ya sodi yenye vipande hivyo mimi siichuji. Naimwaga na kutengeneza nyingine.

Mtu wa Goma atauliza: tukinge maji ya mvua? Hapa watu wanaogopa, kwa sababu moshi wa volkano ya Nyiragongo hufanya mvua iwe na asidi, na karatasi ya pH inaweza kuonyesha 4. Lakini pH na kiasi ni mambo mawili. Maji ya pH 4 yana milimoli 0.1 tu za asidi kwa lita. Mililita 100 za maji hayo zinaongeza sodi ya mililita 0.1, yaani matone mawili, na jibu linashuka kwa kama asilimia 0.1. Maji ya ziwa, kwa kiasi hichohicho cha mililita 100, yanapandisha jibu kwa asilimia 15. Kwa hiyo kwa kazi hii mvua iliyokingwa moja kwa moja kwenye beseni safi, mbali na vumbi la bati, ni bora mara nyingi kuliko bomba. Yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke ndiyo ya kwanza, ya mvua yanafuata, na ya bomba ni ya kuoshea vyombo tu. Hata baada ya kuosha kwa bomba, suuza mara mbili kwa maji safi, kwa sababu chupa iliyolowa ndani inabaki na mililita moja au mbili.

Ukinunua maji kwa wauza vipuri vya magari, uliza mara mbili. Kwa wengi «maji ya batri» ni jina la vitu viwili: maji safi ya kuongezea batri, na asidi ya sulfuriki ya kujazia batri mpya. Tone moja kwenye karatasi ya pH linamaliza ubishi, na ni afadhali lifanye kazi hiyo kabla chupa haijaingia maabara.

Walio Lubumbashi hawana Ziwa Kivu, lakini maji ya kisima yaliyopita kwenye mwamba wa dolomiti nayo hubeba bikaboneti. Kile kipimo cha methili chungwa kinawafaa vilevile.

Sababu nyingine za asilimia kupanda ni chache. Asidi ikiruka nje wakati wa kuchemsha kwa nguvu, inahesabiwa kuwa imeliwa. Sisi tunachemshia juu ya mbabula ya makala na moto wake hauna kitufe, kwa hiyo tunaweka bati bapa kati ya makala na chupa, na funeli ndogo mdomoni mwa chupa ili matone yarudi ndani. Wanafunzi huniuliza kama asidi yenyewe haipotei pamoja na mvuke. Kwa asidi nyembamba namna hii, kinachotoka ni maji. Asidi inabaki, ilimradi usiache chupa ikauke. Ukiona maji yamepungua kufikia nusu, ongeza maji safi.

Dalili: rangi ya waridi inatokea, kisha inakimbia

Kundi la pili lilikuwa na maji safi. Nilikuwa nimesimama karibu nao walipofika mililita 18, na mvulana aliyekuwa akizungusha chupa akaita, «Mwalimu, rangi iko inakimbia!» Nikainama nikatazama. Tone liliingia, likafanya wingu la waridi, alipozungusha chupa wingu likaenea mpaka kioevu chote kikawa na rangi, ukahesabu moja, mbili, tatu, nne, kikawa cheupe tena. Akaongeza tone. Likawa vilevile. Walikwenda hivyo, tone kwa tone, mpaka 21.3, ndipo rangi ikatulia. Hesabu yao: 50.0 kutoa 21.3 ni 28.7, milimoli 2.87 za asidi, 1.435 za kaboneti, miligramu 143.6, asilimia 35.9.

Hawakuwa wamechemsha. Mapovu yalipoacha kutoka walidhani gesi imekwisha. Mapovu yakikoma, maana yake ni kwamba kaboneti imekwisha tu. Gesi nyingi bado imeyeyuka ndani ya maji, kama ilivyo ndani ya soda iliyofunguliwa na kutulia. Kaboni dioksidi iliyoyeyuka ni asidi dhaifu, na fenolfthalini haigeuki waridi mpaka asidi hiyo nayo imegeuzwa kuwa bikaboneti. Tena inafanya kazi yake polepole: tone la sodi linapoingia rangi inatokea, halafu gesi inalifikia na kulila, rangi inaondoka. Ule mwendo wa sekunde tatu nne ndio saini yake. Katika milimoli 1.6 za gesi zilizozaliwa na unga wa kidonge, 0.3 tu zilizobaki majini zilitosha kula mililita 3 za sodi.

Wengine hutikisa chupa kwa nguvu badala ya kuchemsha. Inasaidia, lakini haimalizi, na sisi wa Goma tuna sababu ya kuelewa kwa nini. Gesi hii ndiyo mazuku, ile inayolala mabondeni na kwenye mashimo kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Ndani ya chupa ya koni inafanya hivyohivyo: inatoka kwenye maji, inalala juu yake, haipandi kutoka shingoni, na ukitikisa inarudi majini. Mvuke wa maji yanayochemka ndio unaoisukuma nje. Kimo chetu hapa ni karibu mita 1,500, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, wala si 100, na mtu anaweza kudhani moto hautoshi. Unatosha. Kinachofukuza gesi ni mchemko wenyewe na mvuke unaopita, si ile namba kwenye kipimajoto. Dakika tano za mchemko mpole zinatosha kwa kiasi hiki.

Baada ya kuchemsha, poza chupa ikiwa imefunikwa, kwenye beseni la maji baridi. Ukiiacha wazi saa nzima, hewa ya chumba itairudishia gesi kidogo. Na usifanye titresheni ikiwa moto: fenolfthalini haigeukii mahali palepale katika maji ya moto na ya baridi.

Kuna ufifiaji wa rangi ambao si kosa. Ukifika mwisho halisi, waridi hafifu inakaa nusu dakika au zaidi, kisha inaanza kupotea kwa sababu kaboni dioksidi ya hewani inaingia kwenye chupa unayoizungusha. Huo ukiufukuza hutaufikia kamwe. Ninawaambia wanafunzi wahesabu hadi thelathini kwa sauti. Rangi ikiwa bado ipo, wasome bureti na kuweka chupa chini.

Gesi hiyohiyo inaharibu sodi ndani ya chupa yake. Sodi iliyoachwa na kizibo kilicholegea hunywa kaboni dioksidi na sehemu yake kugeuka kuwa sodiamu kaboneti. Mbele ya fenolfthalini, kaboneti hiyo inafanya nusu tu ya kazi ambayo sodi iliyoizaa ingefanya. Lebo ya chupa bado inasema 0.1 M, lakini nguvu imeshuka, unatumia mililita nyingi zaidi, na asilimia inashuka bila rangi kukimbia sana. Ukiona makundi yote yako chini kwa kiasi kinachofanana ilhali yamechemsha vizuri, usiilaumu mikono yao. Pima sodi upya.

Dalili: waridi tangu tone la kwanza

Hapa asidi iliisha. Kwa kawaida mtu amepima gramu 1 badala ya 0.4, au ametia kidonge kizima cha gramu 1.250. Kidonge kizima kina milimoli 5 za kaboneti na kinahitaji milimoli 10 za asidi, na wewe umekipa 5. Ukitazama chini ya chupa utaona unga mweupe umebaki, lakini usiuamini peke yake, kwa kuwa vidonge vingi vina talki na wanga visivyoyeyuka hata kwenye asidi tele. Ili kuvitofautisha, ongeza tone la asidi na uweke jicho karibu na kioo. Kaboneti inatoa vipovu vidogo kutoka kwenye chembe zenyewe. Talki inakaa kimya.

Unaweza kuliokoa jaribio kwa kuongeza asidi kwa pipeti, mililita nyingine 50.0 kwa gramu 1 ya unga au 75.0 kwa kidonge kizima, kuandika jumla mpya, na kuchemsha tena. Hakuna kilichopotea mradi kila mililita imeandikwa.

Dalili: majaribio matatu, majibu matatu

Majibu yakitawanyika juu na chini, kwa mfano 37, 41 na 39, kosa linakuwa kwenye unga au mkononi. Tazama kwanza uso wa kioevu. Vidonge hivi vina magnesiamu stearati, mafuta ya kulainisha mashine ya kiwandani, nayo haipendi maji. Inaelea na kubeba chembe za kaboneti juu yake, au inazigandisha kwenye kuta za chupa mahali ambapo asidi haifiki. Safari moja zinafikiwa, safari nyingine hazifikiwi. Dawa yake ni nyepesi: kabla ya asidi, lowesha unga kwa mililita moja ya ethanoli. Unga unazama, na kinachobaki kwenye kuta unakishusha kwa maji safi kabla ya kuchemsha.

Kama uso ni safi, rudi kwenye kinu. Saga mpaka unga uwe laini kama wa sembe, uchanganye, ndipo upime. Kuvunja kidonge vipande na kupima kipande kimoja kunakupa jibu la kipande hicho. Kwa vidonge vya rangi ya waridi, vile vya ladha ya matunda, usitumie fenolfthalini hata kidogo: mwisho unajificha ndani ya rangi ya kidonge. Ukiwa umechemsha vizuri, bluu ya bromothimoli itakuonyesha.

Jaribio tupu, na hesabu iliyotulia

Baada ya kujua kilichotokea, tulirudia na makundi yote mawili, na safari hii tukaongeza hatua ambayo wengi huiruka kwa kuona ni kupoteza asidi: titresheni isiyo na kidonge. Tulichukua mililita 25.0 za asidi, tukatia mililita 30 za maji tutakayotumia, yaani nusu ya asidi na nusu ya maji, tukachemsha, tukapoza, tukateremsha sodi. Zilikwenda 25.3. Kwa asidi kamili ya 50.0 ni 50.6.

Faida yake ni hii. Jaribio tupu likipita njia ileile ya jaribio la kidonge, maji yaleyale, mchemko uleule, fenolfthalini ileile, basi makosa yaliyomo katika vitu hivyo yanakuwa pande zote mbili, na ukitoa namba moja kwenye nyingine yanafutana. Nguvu ya asidi nayo inatoka kwenye hesabu: huhitaji kuijua. Unabaki na nguvu ya sodi peke yake, na hiyo tuliipima kwa potasiamu hidrojeni fthaleti iliyokaushwa. Gramu 0.510 ni milimoli 2.497, na zilihitaji mililita 25.3, kwa hiyo sodi yetu ilikuwa 0.0987 M, chini kidogo ya lebo.

Kidonge, safari hii kwa maji safi na mchemko wa dakika tano, kilisimama kwenye 18.3. Waridi ilikaa mpaka tulipofika thelathini.

```
50.6 − 18.3 = 32.3 mL
32.3 × 0.0987 = 3.188 mmol HCl
3.188 ÷ 2 = 1.594 mmol CaCO3
1.594 × 100.09 = 159.5 mg
159.5 ÷ 400 = 39.9 %
0.399 × 1250 = 499 mg
```

Makundi yote mawili yalipata kati ya 39 na 41. Mvulana wa kundi la pili aliandika 21.3 na 18.3 bega kwa bega kwenye daftari lake, akazungushia duara ile tofauti ya 3.0, na pembeni akaandika neno moja: gesi.

Pale ambapo jibu ni sahihi lakini si la kaboneti

Kuna kosa moja ambalo jaribio tupu halilioni, kwa kuwa limo ndani ya kidonge chenyewe. Soma viambato vyote kwenye boksi. Vidonge vingine vina miligramu 680 za kalsiamu kaboneti pamoja na 80 za magnesiamu kaboneti. Magnesiamu kaboneti inakula asidi vilevile, na hesabu yako itaiita kalsiamu: utapata kati ya miligramu 760 na 775, ukashangaa, ilhali mkono wako haukukosea mahali popote. Bikaboneti ya sodiamu inafanya vivyo hivyo. Kwa kidonge cha namna hiyo, andika jibu kama uwezo wa kidonge kula asidi, kwa milimoli, kwa sababu hicho ndicho ulichokipima.

Chenye alumini hidroksidi kinasumbua zaidi. Inayeyuka polepole katika asidi, na unaporudi kwa sodi inatoka tena kama ukungu mweupe mzito, ikila sodi kabla fenolfthalini haijageuka. Ukiona ukungu huo ukijitokeza karibu na mwisho, acha titresheni na usome boksi upya. Kujua kalsiamu peke yake katika vidonge kama hivyo ni kazi ya titresheni ya EDTA, kemikali inayokamata kalsiamu yenyewe, kwenye pH ya 12 au zaidi, ambako magnesiamu imejitenga kama hidroksidi isiyoyeyuka na kuiachia kalsiamu nafasi.